Kuficha sura ya mpita njia: afadhali kiraka cha ukungu kuliko uso wa bandia

Chukua mfano huu. Ni saa nne asubuhi mjini Goma, karibu na sanamu ya chukudu. Kijana anasukuma chukudu yenye magunia ya makala, na mpiga picha wa gazeti anamchukua kwa sababu habari ya siku hiyo ni bei ya makala. Kijana ameulizwa, amekubali. Lakini nyuma yake wako watu wengine wanane ambao hawakuulizwa kitu: mama anayeuza ndizi, wamotari wawili wanaongoja abiria, wanafunzi watatu, na wanaume wawili wanaoongea kando ya ukuta, mmoja wao akiwa na kofia nyekundu.

Jioni picha hiyo iko kwenye mtandao. Inafika kwenye simu za watu wa Goma, Bukavu, Bunia, Kinshasa na Ulaya. Kwa wasomaji karibu wote ni habari ya makala. Lakini inatosha mtu mmoja aitazame kwa nia nyingine, na picha inageuka kuwa habari ya kofia nyekundu: kumbe fulani alikuwa Goma siku hiyo, na huyo aliyesimama naye ni nani?

Mashariki mwa Kongo swali kama hilo si la mchezo. Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari mwaka huo huo. Kuna miji mingine iliyobaki upande wa serikali. Mkaaji wa kawaida anaishi katikati, na picha moja inaweza kumfanya aitwe msaliti na upande mmoja leo, na upande wa pili kesho, wakati yeye alikuwa amesimama tu akingoja moto impeleke kazini. Tena sheria ya nchi kuhusu mambo ya dijitali, amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za kibinafsi za raia, na hakuna habari ya kibinafsi inayojulikana haraka kuliko uso.

Kwa hiyo karibu kila chumba cha habari kinakubali kwamba wapita njia wafichwe. Ubishi uko juu ya namna ya kuwaficha. Njia ya zamani ni kutia ukungu juu ya uso, au kuugawanya katika miraba mikubwa. Njia mpya ni kuutoa uso wa mtu na kuweka mahali pake uso wa bandia uliotengenezwa na kompyuta, wa mtu asiyekuwepo duniani. Wanaoitetea njia ya pili wanasema inapendeza machoni na inalinda zaidi. Jambo la kwanza ni kweli. La pili ni kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayopoteza watu.

Ukungu unashindwa wapi

Haki itendeke: ukungu kama unavyotumiwa na magazeti mengi ni dhaifu. Kinachofanyika ni kwamba kila nukta ya picha, yaani kila pikseli, inachanganywa na jirani zake. Uso unalainika, lakini haufutwi. Umbo la paji, kivuli cha macho, upana wa taya, mstari wa nywele, yote yanabaki pale yakiwa yametawanywa kidogo tu.

Jambo hili lilijulikana zamani, kabla ya simu zenye kamera. Mwaka 1973 mtafiti Mmarekani Leon Harmon alichukua picha ya rais Abraham Lincoln, akaigeuza kuwa miraba mikubwa isiyofika hata 300. Ukiitazama kwa karibu unaona vipande vya kijivu tu. Ukirudi nyuma hatua chache, au ukifumba macho nusu, Lincoln anatokea. Macho ya binadamu yanalainisha kingo za miraba, na akili inamaliza kazi iliyobaki. Ndiyo maana picha iliyofichwa vibaya, ukiipunguza ikawa ndogo kama stempu kwenye simu, inamrudisha mtu wake.

Kompyuta inafanya kazi hiyo vizuri kuliko jicho. Mwaka 2016 watafiti watatu, Richard McPherson, Reza Shokri na Vitaly Shmatikov, walionyesha kwamba programu iliyofundishwa inaweza kutambua watu ambao sura zao zimetiwa ukungu wa YouTube au miraba ya kawaida. Kilicho muhimu ni jinsi walivyofanya. Programu yao haikujaribu kuondoa ukungu. Ilipewa picha za watu wanaojulikana, picha hizo zikafichwa kwa namna ile ile, kisha programu ikajifunza kulinganisha: ukungu huu unafanana na ukungu wa nani?

Hapo ndipo mkaaji wa Goma anapaswa kuelewa hatari. Anayemtafuta mtu wa kofia nyekundu hatafuti kati ya watu wote wa dunia. Ana majina kumi au ishirini ya mtaa mmoja, na picha zao anazipata kwenye Facebook au kwenye hali za WhatsApp. Kazi yake ni kulinganisha tu. Kadiri orodha inavyokuwa fupi, ndivyo ukungu dhaifu unavyokuwa kama pazia la chandarua.

Kosa la pili ni la vipimo, na hili linaonekana kila wiki. Katika picha ya mfano, uso wa mama wa ndizi, aliye karibu na kamera, una upana wa pikseli 240. Uso wa mtu wa kofia, aliye mbali, una pikseli 60. Mhariri mwenye haraka anapitisha ukungu wa kipimo kimoja, tuseme pikseli 10, juu ya wote. Kwa mtu wa mbali ukungu huo unameza karibu kila kitu. Kwa mama wa karibu haugusi kitu: jirani yake atamtambua hata kabla ya kufungua habari. Ukungu haupimwi kwa namba moja ya picha nzima. Unapimwa kwa ukubwa wa kila uso.

Uso wa bandia unafanya nini

Sasa njia mpya. Programu inatafuta kila uso ndani ya picha na kuuzungushia fremu. Kisha inafuta kilicho ndani ya fremu na kutengeneza uso mpya unaolingana na shingo, mwanga na upande ambao kichwa kimegeukia. Mfano unaojulikana ni DeepPrivacy, iliyotolewa mwaka 2019 na watafiti wa chuo kikuu cha NTNU nchini Norwe. Sehemu inayochora uso mpya haioni kabisa uso wa kwanza. Inapewa mazingira yake na alama chache za mahali pa macho, masikio, pua na mabega, basi.

Hiyo ndiyo nguvu yake ya kweli, na haifai kuidharau. Uso wa kwanza umeondoka. Mtu akiwa na majina ishirini ya kulinganisha, hana cha kulinganisha nacho, kwa sababu hakuna nukta hata moja ya uso ule iliyobaki. Lakini programu zote hazifanyi hivyo. Ziko nyingine zinazouangalia uso wa kwanza ili zibakize tabasamu, mtazamo wa macho au umri wake, na hizo zinabeba kidogo cha mwenyewe ndani ya uso mpya. Anayenunua jina la "sura bandia" lazima aulize ni aina gani.

Watetezi wana hoja nyingine, na hii ni nzito kuliko ya kiufundi. Wanasema ukungu unamvunjia mtu heshima. Kwa miaka mingi magazeti na televisheni za Kongo zimeficha sura za watu wa aina mbili: wanaoshukiwa kwa uhalifu, na waliofanyiwa ukatili, hasa wanawake waliobakwa. Msomaji amezoea. Akiona uso uliofunikwa anajiuliza, huyu ameiba nini, au amepatwa na nini? Mama wa ndizi hakuiba wala hakupatwa na kitu. Kumtia ukungu ni kumwekea alama ambayo si yake. Uso wa bandia unamwacha awe mtu wa kawaida ndani ya soko la kawaida.

Hoja hiyo ina ukweli. Lakini dawa yake inaleta ugonjwa mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Mtu asiyekuwepo, na yule anayefanana naye

Kwanza, picha ya habari ni ushahidi. Msomaji anapoona ukungu, anajua mambo mawili kwa mara moja: hapa palikuwa na mtu, na gazeti limeamua kumficha. Ukungu ni uongo kwa hesabu ya sifuri, kwa sababu hausemi kitu kisichokuwepo. Unanyamaza tu, na unanyamaza mbele ya macho ya wote. Uso wa bandia haunyamazi. Unasema: alikuwepo mwanaume wa miaka kama 40, mwenye ndevu fupi, akitabasamu. Kila neno la sentensi hiyo ni la kubuni.

Na hapo tabasamu si jambo dogo. Programu inachora uso unaoonekana wa kawaida, na picha za watu ambazo programu nyingi zimejifunzia zilitoka kwenye mitandao, mahali ambapo watu wanaweka picha walizochekea kamera. Weka picha ya foleni ya maji baada ya siku tatu za ukame wa bomba, badilisha sura za watu kumi, na unaweza kupata foleni ya watu watulivu. Gazeti halikukusudia kudanganya. Lakini hasira iliyokuwa kwenye nyuso imefutwa, na aliyehusika na maji atasema: tazameni, wananchi hawana shida.

Pili, na hapa ndipo damu inapoweza kumwagika, uso wa bandia ni uso. Dunia ina watu wengi, Kivu ina mamilioni, na uso wa mwanaume wa kawaida uliobuniwa na kompyuta utafanana na mwanaume fulani wa kweli. Si lazima ufanane sawasawa. Inatosha ufanane kiasi cha mtu kusema "huyu ni yule wa mtaa wa chini". Katika picha ya mfano, mtu wa kofia nyekundu amelindwa. Lakini mtu wa pili, ambaye siku hiyo alikuwa shambani kwake huko Rutshuru, anajikuta amesimama kando ya ukuta Goma akiongea na mtu anayetiliwa shaka. Atajitetea namna gani? Atasema sikuwepo, nao watamwonyesha picha ya gazeti.

Wakaaji wa mashariki wanajua vizuri mwendo wa jambo hilo. Wanajua jinsi uvumi unavyosafiri kutoka kwenye kundi moja la WhatsApp hadi jingine, na jinsi haki ya kundi la watu wenye hasira isivyongoja uchunguzi. Ukungu haujawahi kumtaja mtu asiyehusika. Uso wa bandia unaweza kumtaja bila hata mhariri kujua.

Tatu, kuna njia ambayo picha inapitia. Ukungu na kiraka vinafanyika ndani ya simu yenyewe. Tangu Juni 2020, programu ya Signal ina kifaa cha kutia ukungu: inatafuta sura yenyewe, na ile iliyosahauliwa mtu anaifunika kwa kidole, na picha haitoki nje ya simu wakati kazi inafanyika. Kutengeneza uso wa bandia kunahitaji kompyuta yenye nguvu. Gazeti dogo la Bukavu au Butembo halina, kwa hiyo litatuma picha ya kwanza, yenye sura zote wazi, kwenye kompyuta ya kampuni ya mbali ili irudishwe ikiwa imebadilishwa. Ili kumficha mpita njia, limemwonyesha kwanza kwa mtu lisiyemjua.

Mahali ambapo sura bandia ilifaa

Iko kazi moja inayotajwa kila mara na watetezi wa njia mpya, na inastahili kutajwa. Ni filamu ya mwaka 2020, "Welcome to Chechnya", ya Mmarekani David France. Filamu hiyo inafuata watu waliokuwa wakikimbia Chechnya, nchini Urusi, kwa sababu walikuwa wakiteswa na kuuawa kwa kupenda watu wa jinsia yao. Kuonyesha sura zao kungekuwa kuwahukumu kifo. Kuzitia ukungu kwa saa nzima na zaidi kungemnyima mtazamaji hofu na uchovu uliokuwa machoni mwao. Ryan Laney, fundi wa picha, akatumia kompyuta kuwavika sura za watu wengine.

Lakini tazama masharti yake. Sura zile hazikuokotwa hewani: zilikuwa za watu wa kweli, wanaharakati wengi wao wa New York, waliojitolea na kukubali uso wao utumike. Waliofichwa walijua na walikubali. Mtazamaji anaambiwa tangu mwanzo kwamba sura zimebadilishwa, na kingo za sura hizo ziliachwa zikiwa laini kidogo makusudi, ili jicho lisisahau. Mmoja wao alipoamua kujitokeza hadharani, uso wa kuazima unayeyuka mbele ya mtazamaji na wa kwake unatokea.

Kati ya masharti hayo manne, picha ya barabarani inatimiza ngapi? Mpita njia hakuulizwa. Uso aliopewa hauna mwenyewe aliyekubali. Kazi ya programu ni kuficha kwamba kuna kilichobadilishwa, na ikiacha alama inaitwa mbovu. Na maelezo chini ya picha, hata yakiandikwa vizuri, yanabaki nyuma mara picha inapokatwa na kutumwa kwenye WhatsApp. Ukungu unasafiri na picha popote iendapo. Maneno ya chini hayasafiri.

Shirika la Amnesty International lilijifunza hilo kwa aibu. Mwaka 2023 tawi lake la Norwe lilitaka kukumbusha dunia ukatili wa polisi wakati wa maandamano ya Kolombia ya mwaka 2021. Badala ya kutumia picha za kweli, likaweka kwenye mtandao picha zilizotengenezwa na kompyuta, likieleza kwamba lilitaka kuwalinda waandamanaji wasilipiziwe kisasi. Picha zilikuwa na maandishi madogo yanayosema zimebuniwa. Watu wa Kolombia wakaona mara moja kwamba rangi za bendera hazikufuatana sawa na kwamba sare za polisi si za wakati ule. Picha zikaondolewa. Hapo haikuwa sura tu iliyobadilishwa, ni picha nzima, lakini somo ni lile lile: nia ya kulinda ilikuwa njema, na zawadi ikamwendea yule aliyetaka kusema kwamba ukatili wenyewe ni wa kubuni.

Kiraka kwanza, ukungu baadaye

Sasa turudi kwa swali la ulinzi, maana haitoshi kusema uso wa bandia ni mbaya kama ukungu wa kawaida unavuja. Kinacholinda ndani ya DeepPrivacy na ndugu zake si uso mpya. Ni kule kufutwa kwa uso wa zamani. Uso mpya ni pambo linalowekwa baada ya ulinzi kumalizika. Na kufuta hakuhitaji kompyuta ya Norwe. Kunahitaji kiraka.

Katika picha ya makala kazi inakwenda hivi. Mhariri anafungua nakala ya picha, si picha yenyewe. Anachukua rangi moja kutoka shingoni au ukutani, na kwa rangi hiyo anafunika uso wote wa mama wa ndizi, kuanzia nywele hadi chini ya kidevu, na masikio pia. Rangi iwe nzito isiyopenyeza, si kalamu ya kupigia mstari kwenye simu, ambayo inaonekana nyeusi lakini mtu akiongeza mwanga wa picha uso unatokea chini yake. Baada ya kiraka, anapitisha ukungu juu yake na kwenye kingo zake. Matokeo yanafanana na ukungu wa kawaida na hayaumizi jicho, lakini chini yake hakuna kitu. Anayelinganisha atalinganisha rangi ya ukuta.

Anafanya hivyo kwa wote wanane. Hili ni la lazima. Akimfunika mtu wa kofia peke yake, amemwonyesha kwa kidole: huyu ndiye mwenye sababu ya kufichwa. Wote wakifunikwa sawa, hata lile doa la uhalifu ambalo watetezi wa sura bandia wanalilalamikia linapungua, kwa sababu msomaji anaelewa kwamba hii ni desturi ya gazeti, si hukumu juu ya mtu mmoja.

Kisha anahesabu sura kwa macho yake. Programu inayotafuta sura yenyewe inamsahau mtu aliyegeuza kichwa, aliye kivulini, mwenye kofia au mtoto mgongoni, na katika picha za watu wenye ngozi nyeusi zilizopigwa jua likiwa nyuma yao, makosa hayo si ya nadra. Anaangalia pia vioo vya moto na dirisha la gari, maana uso uliofunikwa barabarani unaweza kuwa wazi ndani ya kioo. Halafu anapunguza picha iwe ndogo kama stempu na kuitazama akiwa amefumba macho nusu, kama wale waliomtafuta Lincoln. Mtu akitokea, kiraka hakikutosha.

Mwisho anashughulikia faili lenyewe. Picha ya simu inabeba saa, tarehe na mara nyingi mahali ilipopigwa, na faili nyingine zinabeba ndani yake kijipicha cha kwanza, kile cha kabla ya kufunikwa. Njia rahisi ya kuondoa yote ni kuipiga picha skrini yenye kazi iliyokwisha na kuchapisha hiyo mpya. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida habari hizo zinaondolewa. Ikitumwa kama dokima, inafika nazo zote.

Kisichofichwa na njia yoyote

Hata hivyo, kofia nyekundu bado iko pale. Mwaka 2016 kundi jingine la watafiti, huko Ujerumani, lilionyesha kwamba kompyuta inaweza kumtambua mtu aliyefichwa uso kwa kutazama nguo, nywele na umbo la mwili, hasa ikiwa na picha zake nyingine za siku hiyo hiyo. Watu wa mtaa hawahitaji kompyuta. Wanajua ile jaketi ni ya nani, moto yenye kibandiko kile ni ya nani, na ule mguu unaochechemea ni wa nani. Uso wa bandia hausaidii hapa kuliko ukungu; tena unadhuru, kwa sababu unampa mhariri usalama wa uongo. Picha inaonekana imekamilika, hakuna doa, na hakuna anayekumbuka kuuliza juu ya kofia.

Dawa ya hilo haiko kwenye programu. Iko kwa mpiga picha. Shirika la habari la AP limekwenda mbali zaidi: haliruhusu wapiga picha wake kuficha sura kwa programu yoyote, na mwaka 2023 lilikataza pia akili bandia itumiwe kuongeza au kutoa kitu katika picha. Kinachobaki ni kupiga picha vizuri tangu mwanzo. Ingewezekana kusubiri nusu dakika hadi chukudu ipite mbele ya ukuta mtupu. Ingewezekana kuinama na kuchukua magunia na mikono ya kijana, au kusimama nyuma ya wamotari ili migongo ionekane. Ingewezekana kukata kipande cha kulia cha picha, ambapo wanaume wawili wanaongea, kwa kuwa habari ni ya makala na wao si makala.

Magazeti madogo hayawezi kufuata sheria ya AP kila siku. Yanapokea picha kutoka kwa wasomaji, na mara nyingine picha ya pekee ya tukio ni ile yenye watu ishirini ndani. Hapo kiraka cha ukungu ni halali, mradi kiwe kizito, kiwe sawa kwa wote, na kionekane. Uso wa bandia ubaki kwenye kazi ambazo mtu hatazami picha kama ushahidi, kama zile za kufundishia kompyuta kuhesabu magari, na kwenye filamu ambazo aliyevikwa uso na mwenye uso wote wawili wamekubali.

Mama wa ndizi akijiona kwenye simu ya jirani akiwa na kiraka usoni, huenda atakasirika kidogo, naye ana haki. Atafika gazetini na kuuliza kwa nini. Swali hilo lina jibu. Lakini siku moja mwanaume wa Rutshuru akifika na kuuliza kwa nini uso wake uko Goma, mhariri atamjibu nini?